SOMO: Wilkapu inadondoka kila wiki? Angalia ringi ya waya kabla hujanunua nyingine

Naandika mara moja maana hili swali nimelijibu mpaka nimechoka. Naongelea wilkapu za plastiki zinazong'ang'ania rimu ya chuma kwa klipu, sio zile zinazoshikwa na nati.

1. Soma saizi kwenye tairi. Ukiona 185/65 R14 wilkapu yako ni inchi 14, basi.

2. Kaza nati za tairi kwanza.

3. Sugua tope na kutu kwenye mdomo wa rimu, pale klipu zinapouma. Mdomo ukiwa umepinda kwa sababu ya shimo, unyooshwe kwanza.

4. Geuza wilkapu uangalie nyuma. Kuna ringi ya waya inayosukuma klipu zote kwenda nje, na sehemu moja huo waya una kona, umepindwa kupisha valvu ya upepo. Hapa ndo niliharibu. Ringi ilichomoka nikairudisha kona ikiwa upande mwingine kabisa, waya ulionyooka ukakaa juu ya valvu, nami nikapiga ngumi mpaka ikaingia. Ilidondoka mara mbili na tairi likawa linapungua upepo kila asubuhi, kuja kuangalia mpira wa valvu umelikwa shingoni. Kwa hiyo KONA YA WAYA IKAE KWENYE TUNDU LA VALVU, na waya ukae ndani ya kila klipu, usiruke hata moja.

5. Anzia kwenye valvu, bonyeza kwa kiganja, halafu zunguka pande zote mbili ukimalizia upande wa pili. Ikigoma usitumie nyundo ya chuma, toa uanze upya, klipu ikivunjika haina dawa.

MASWALI

— Mkuu nimefanya yote bado imedondoka
Kona ya waya iko wapi?
— Kona gani?
Rudi namba 4.

— Mbona zangu zinatoka za mbele tu, za nyuma zina miaka?
Swali zuri. Breki za mbele ndo zinafanya kazi kubwa, joto lake linakausha plastiki, klipu zinakakamaa na kukatika. Pia magurudumu ya mbele yanakata kona, rimu inajikunja kidogo sana na klipu iliyochoka inaachia. Bonyeza klipu moja moja kwa kidole, nzima inarudi yenyewe, iliyochoka inabaki ilipo.

— Nifunge na zile kamba za plastiki za nyaya?
Funga mbili zinazotazamana, zipite kwenye tundu la wilkapu na la rimu, mbali na valvu, mkia ukate usiguse breki. Ila weka kisu na kamba za akiba kwenye gari, siku ya pancha utazikata.

— Na kama ringi imelegea, naweza kuipanua kwa mkono?
Kidogo kidogo, ukijaribisha. Ukizidisha klipu zitapasuka wakati wa kuingiza.