Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Insha Yenye Vyanzo Vingi

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mazungumzo yetu ya leo yanahusu hatua moja tu, ile iliyo kati ya kumaliza kusoma na kuanza kuandika, pale mwanafunzi anapokuwa na notsi za maandiko manne au matano mezani na hajui aanze na lipi. Insha nyingi za mwaka wa kwanza huharibikia hapo, kwa sababu notsi hupangwa kwa mfuatano zilivyosomwa: aya ya kwanza inaeleza alichosema mwandishi wa kwanza, ya pili inaeleza alichosema wa pili, na mwisho msahihishaji anakabidhiwa mihtasari minne huku swali aliloliuliza likiwa bado halijajibiwa.

Tutumie swali moja ambalo kwa sisi tunaoishi Mwanza halihitaji utangulizi mrefu: Je, sangara peke yake anatosha kueleza kutoweka kwa furu wengi katika Ziwa Victoria? Tuseme mwalimu ametoa maandiko manne. La kwanza linaeleza jinsi sangara alivyoingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na akawala furu, wale samaki wadogo wa spishi nyingi. La pili linahusu uvuvi wa nyavu zinazokokotwa na meli katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1970. La tatu ni la maji yenyewe, namna rutuba inayotiririka kutoka nchi kavu ilivyokuza mwani, ikayafanya maji kuwa na ukungu na kupunguza oksijeni katika vina vya chini. La nne, ambalo ni jipya zaidi, linaeleza kwamba baadhi ya furu walianza kuonekana tena katika miaka ya 1990, baada ya sangara kuvuliwa kwa wingi.

Kabla ya kugusa notsi, lisome swali upya na uligawe. Swali letu halikuuliza kama sangara alikula furu, kwa maana hilo halina ubishi, na mwanafunzi atakayetumia kurasa tatu kulithibitisha atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Uzito wa swali uko kwenye maneno “peke yake” na “anatosha”. Kutokana na maneno hayo tunapata maswali madogo manne: furu walianza kupungua lini na wapi, ni furu wa aina gani waliopotea na wa aina gani waliobaki, walipotea kwa njia gani, na ni nini kilichotokea sangara alipopungua. Maswali haya madogo ndiyo yatakayopanga notsi zako, na yapaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya jambo lingine lolote.

Jambo la pili ni hali ya notsi zenyewe. Notsi inayosema “furu waliisha miaka ya 80” haiwezi kutumika, kwa kuwa haionyeshi nani alisema, ukurasa upi, wala ni sehemu gani ya ziwa inayozungumziwa. Notsi hiyohiyo ikiandikwa vizuri ingesomeka hivi: “Andiko la kwanza, uk. 7. Ghuba ya Mwanza, katikati ya miaka ya 1980. Katika maji ya wazi furu karibu hawakuonekana tena kwenye nyavu za watafiti. Maneno yangu.” Maneno mawili ya mwisho ni ya lazima, kwa sababu baada ya wiki mbili hutakumbuka kama sentensi ile ni yako au uliinakili, na hapo ndipo mtu huangukia kwenye wizi wa kitaaluma bila kukusudia. Ukinakili neno kwa neno, weka alama za mtajo papo hapo. Mahali na wakati navyo si mapambo. Sangara walijaa katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, miaka michache kabla ya kujaa Ghuba ya Mwanza, na asiyeandika mahali ataona tarehe mbili zinazotofautiana, ataamini kwamba waandishi wanapingana, kumbe kila mmoja anaeleza alichokiona kwenye ghuba yake.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ambayo napenda tuipe muda. Chukua karatasi ya A4, ilaze kwa upana, uchore jedwali. Juu andika vyanzo vinne, kila kimoja na safu yake. Upande wa kushoto andika maswali madogo manne, kila moja na mstari wake. Katika kila kisanduku andika sentensi moja na namba ya ukurasa, zaidi ya hapo usiandike. Kama chanzo hakisemi kitu kuhusu swali hilo, acha kisanduku wazi, na usijaribu kukijaza kwa kubahatisha kile mwandishi “angesema”. Ukimaliza, soma jedwali kwa mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu usomaji wa kushuka na safu utakurudisha kwenye mihtasari ile tuliyoikimbia.

Tuchukue mstari wa kwanza, unaouliza lini na wapi. Andiko la kwanza linasema furu walitoweka katikati ya miaka ya 1980, na la pili linasema walianza kupungua katika miaka ya 1970. Mwanafunzi mwenye haraka huandika “waandishi wanatofautiana” na kuendelea. Wewe simama hapo uvitazame visanduku viwili kwa makini. Andiko la pili linazungumzia hasa furu wenye maumbo makubwa, katika sehemu ya ghuba ambako meli za kukokota zilifanya kazi, na linazungumzia kupungua. Andiko la kwanza linazungumzia maji ya wazi kwa jumla, na linazungumzia kutoweka. Kwa hiyo maandiko haya hayapingani. Yanaeleza hatua mbili za jambo moja, na sentensi inayoyaunganisha, ambayo haimo katika andiko lolote kati ya hayo mawili, ni mali yako. Iandike pembeni mwa mstari ule, kwa kuwa hiyo ndiyo aya yako ya kwanza yenye hoja.

Mstari wa pili una utajiri zaidi. Andiko la kwanza linakubali kwamba furu wanaoishi kwenye miamba waliathiriwa na sangara kwa kiasi kidogo kuliko wale wa maji ya wazi, na kwa mtu anayeyajua mawe ya Mwanza si vigumu kuelewa kwa nini, maana samaki mdogo ana pa kujificha. Andiko la tatu linaeleza kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi, na kwamba maji yakijaa ukungu rangi hazionekani vizuri, hivyo spishi zilizokuwa zikitenganishwa na uchaguzi huo huchanganyika hadi tofauti zake hufifia. Weka visanduku hivyo viwili pamoja: mahali ambapo sangara hakuwa na nguvu kubwa, bado kulikuwa na upotevu, na ulitokea kwa njia ambayo haihitaji mlaji yeyote. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwa swali la “peke yake”, na kwa maoni yangu unastahili nafasi kubwa zaidi katika insha yako.

Mstari wa mwisho una mtego. Baadhi ya furu, hasa wanaokula viumbe vidogo vinavyoelea majini na wanaokula mabaki ya sakafuni, waliongezeka tena. Wengi wengine hawakurudi. Inavutia kuandika kwamba wasiorudi wanathibitisha kuwa sangara hakuwa sababu, lakini hoja hiyo haisimami, kwani spishi iliyokwisha kabisa haiwezi kurudi hata chanzo cha kuisha kwake kikiondolewa. Andiko la nne kwa kweli linaupa nguvu upande wa sangara, na ni lazima liingie katika mpango wako likiwa na nguvu hiyo, hata kama linaipunguza makali hoja unayoipenda.

Kabla ya kuhesabu vyanzo vinavyokubaliana, chunguza kama kweli ni vyanzo tofauti. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu furu wa Ghuba ya Mwanza inatokana na kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ya watafiti wa Kiholanzi wakishirikiana na Watanzania. Maandiko mawili yenye waandishi na miaka tofauti yanaweza kuwa yamesimama juu ya samaki walewale, waliovuliwa kwenye vituo vilevile. Utalitambua hilo kwa kusoma sehemu ya mbinu za utafiti, ambayo wanafunzi wengi huiruka: angalia vituo vya uvuaji, miaka, na aina ya wavu. Vikifanana, yahesabu maandiko hayo kuwa shahidi mmoja.

Sasa andika hoja kuu kwa sentensi moja, ukitazama mistari uliyoisoma. Kwa mfano: “Sangara ndiye sababu kubwa ya kutoweka kwa furu wa maji ya wazi katikati ya miaka ya 1980, lakini hatoshi kueleza kupungua kulikoanza kabla yake mahali palipovuliwa kwa nyavu za kukokota, wala kufifia kwa tofauti za spishi za miambani kulikoletwa na ukungu wa maji.” Mpango wa insha unatoka ndani ya sentensi hiyo: aya kuhusu sangara na maji ya wazi, ikitumia andiko la kwanza na la nne, aya kuhusu miaka ya 1970, ikitumia la pili na la kwanza, na aya mbili kuhusu miamba na ukungu wa maji, zikitumia la tatu na la kwanza. Kila aya iandikiwe sentensi kamili ya kuifungua, kwa kuwa kichwa kama “Sangara” hakidai kitu na hakiwezi kupimwa. Kisha funika majina ya vyanzo kwa karatasi uzisome sentensi za kufungulia peke yake. Zikifuatana kama jibu la swali, mpango uko tayari. Ikiwa mojawapo inaanza na “Mwandishi wa andiko la tatu anasema”, ibadilishe ianze na dai, na mwandishi aje baadaye kama ushahidi.

Utabakiwa na notsi ambazo hazina mstari. Gugu maji lililotapakaa ziwani katika miaka ya 1990 na biashara ya minofu ya sangara ni mambo yenye maana, lakini hayajibu swali hili. Yaweke kwenye bahasha kwa ajili ya insha nyingine. Visanduku vilivyobaki wazi ndivyo vya kushughulikia. Ukiona mstari mzima una chanzo kimoja tu, rudi maktaba na swali hilo moja likiwa limeandikwa kwenye karatasi, utafute andiko moja linalolihusu, na ukilikosa, andika kwenye mpango wako, kando ya aya husika, kwamba dai hilo limesimama juu ya ushahidi mmoja, ili ukifika kuliandika ulieleze kwa kiasi hicho.