Nondo za chini zinapofika kwenye egemeo: zishike kwa urefu gani?

Mwaka mmoja niliingiza futi kamba ndani ya fomu kabla ya zege kumwagwa, nikakuta nondo mbili za chini za boriti zimeingia ukutani milimita 90 tu. Mchoro ulisema momenti mwishoni ni sifuri, kwa hiyo fundi hakuona shida. Lakini nguvu ya kuvuta mwishoni si sifuri, kwa sababu ufa wa mkato hupanda kwa mshazari na nondo ndiyo inayoufunga kwa chini.

Hatua ya 1: tafuta mvuto. Chukua boriti ya mita 5 yenye mzigo wa mwisho wa usanifu wa kN 40 kwa mita. Nguvu ya mkato kwenye egemeo ni kN 100. Kwa Eurocode 2, kiwango cha Ulaya cha usanifu wa zege, ringi zikiwa wima, V ikiwa nguvu ya mkato na θ pembe ya mshazari wa mgandamizo ndani ya zege, hapa cotθ ni 2.5:

```
F = V × cotθ / 2 = 100 × 2.5 / 2 = 125 kN
```

Hatua ya 2: tafuta urefu wa kushika. Katikati ya boriti kuna nondo 4 za mm 16. Mchoro ulikatisha mbili njiani. Mbili zilizobaki (mm² 402) zinabeba N/mm² 311. Zege ni C25/30, na nguvu ya mshiko, fbd, kwa nondo za chini ni N/mm² 2.7; φ ni kipenyo cha nondo na σ ni mkazo wake:

```
l = (φ/4) × (σ/fbd) = (16/4) × (311/2.7) ≈ 461 mm
```

Ukuta una mm 250. Ukitoa kava ya mm 30, zinabaki 220, zikihesabiwa kuanzia uso wa ndani wa ukuta. Hazitoshi hata kidogo.

Hatua ya 3: fikisha nondo zote 4. Mkazo unashuka nusu na urefu unakuwa mm 230. Zimepungua 10 tu, basi pinda ncha kwenda juu kwa nyuzi 90. Urefu hupimwa kufuata mhimili wa nondo, kwa hiyo mguu wa wima wa mm 190 unaziba pengo kwa wingi. Kipenyo cha ndani cha mkunjo kisipungue 4φ, yaani mm 64. Usidhani ndoano peke yake inapunguza urefu: punguzo la asilimia 30 linataka kava ya pembeni na nusu ya nafasi kati ya nondo vizidi 3φ, na katika boriti ya upana wa mm 250 yenye nondo 4 hupati hiyo.

Hatua ya 4: maungio. Boriti ya mita 5 haihitaji kuunganishwa. Maungio huja fundi anapotumia vipande vilivyobaki. Ukilazimika, usiunganishe zote sehemu moja: hapo urefu wa kupishanisha huzidishwa kwa 1.5, karibu 60φ kwa nondo yenye mkazo kamili. Robo ya urefu wa boriti si salama kama wengi wanavyodhani, maana momenti bado ni robo tatu ya ile ya katikati. Pia, urefu uliohesabiwa kwa maungio usiuhesabu tena kama mshiko wa egemeo.

Baadaye, ukiona ufa wa mshazari ukianzia kwenye ukingo wa ndani wa ukuta na kupanuka chini, nondo imeanza kuteleza. Weka tegemeo la muda kabla ya kupima kingine chochote.