Nafasi ya Dereva Daraja la II: kila sifa iwe na karatasi yake kabla hujaomba

Matangazo ya nafasi za udereva kwenye halmashauri za mkoa wa Mwanza yanapotoka, iwe ni Magu, Misungwi, Ukerewe au Sengerema, watu wengi husoma jina la kazi na tarehe ya mwisho, kisha wanakimbilia kujaza. Sehemu ya sifa wanaipitia juu juu kwa sababu wanajiona ni madereva na gari wanalijua. Anayechambua maombi hakuoni ukiendesha. Anaona ulichojaza na ulichoambatisha, na kazi yake ni kulinganisha hivyo viwili na tangazo, sifa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo maandalizi yanaanza na sentensi ya sifa yenyewe, tena kwa kalamu mkononi.

Kwa kawaida sentensi hiyo inasema mwombaji awe na cheti cha mtihani wa kidato cha nne, awe na leseni ya daraja la E au C ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari yanayotolewa na VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Ni sentensi moja, lakini ndani yake kuna madai matano: cheti, daraja la leseni, mwaka mmoja, kutosababisha ajali, na mafunzo. Yaandike kwenye daftari kila moja na mstari wake, na mbele ya kila mstari andika karatasi gani unayo inayolithibitisha. Mstari utakaobaki mtupu ndio wa kuushughulikia kabla ya kufungua mfumo wa maombi mtandaoni.

Tuchukue mfano wa dereva anayeishi Nansio. Ameendesha pikapu ya mfanyabiashara wa dagaa kwa miaka mitatu akiwa na leseni ya daraja B na D. Februari 2025 akafanya mtihani na kuongezewa daraja E, na tangu hapo anaendesha lori la bosi huyo huyo. Tangazo linafungwa Novemba 2025. Ukimuuliza uzoefu wake atakwambia ni zaidi ya miaka mitatu, na hasemi uongo. Ila tangazo linahesabu mwaka wa kuifanyia kazi leseni ya E au C, na kwa hesabu hiyo ana miezi tisa. Kwa tangazo hili hajafikia sifa, hata wasifu wake uandikwe vizuri namna gani. Akiomba Machi mwaka unaofuata, atakuwa na mwaka kamili na zaidi kidogo. Ni afadhali aijue hesabu hii mapema, atumie miezi hiyo kukusanya vielelezo vingine.

Kuna tatizo la kinyume chake ambalo naliona linawaumiza watu wenye sifa kabisa. Dereva ana daraja E kwa miaka sita, lakini leseni ilikwisha muda akaihuisha mwezi uliopita. Tarehe ya kutolewa kwenye kadi mpya ni ya mwezi uliopita, na mtu asiyemfahamu anaweza kudhani leseni ni changa. Kabla ya kuihuisha leseni, toa nakala safi ya kadi ya zamani, pande zote mbili, na uitunze. Wakati wa kuomba, weka nakala zote mbili kwenye faili moja, ya sasa ikitangulia.

Mwaka mmoja na suala la ajali vinathibitishwa na barua ya mwajiri. Barua nyingi ninazoziona zinasema tu kwamba mhusika ni mchapakazi na mwaminifu. Hayo ni mazuri, lakini hayajibu kilichoulizwa. Barua inayofaa inataja tarehe uliyoanza kuendesha kwa daraja hilo na tarehe uliyoishia, au kwamba bado unaendelea, aina ya gari, daraja la leseni uliyokuwa ukitumia, na inasema wazi kwamba katika muda huo hukusababisha ajali. Iwe na anwani, namba ya simu inayopokelewa, jina na cheo cha aliyeandika, sahihi, na mhuri kama biashara inao. Mwajiri wako akiwa mtu wa samaki pale Kirumba asiye na karatasi rasmi, mwandikie rasimu, aisome, aikubali na kuisaini yeye mwenyewe. Usisaini kwa niaba yake. Matangazo haya huonya kwamba taarifa za kughushi zinafikisha mtu kwenye hatua za kisheria, na simu ya kumuuliza mwajiri haigharimu chochote.

Kuhusu mafunzo, usichanganye vyeti viwili. Kile ulichopewa na shule ya udereva mtaani ulipokuwa unatafuta leseni kwa mara ya kwanza si lazima kiwe ndicho kinachotakiwa hapa. Tangazo linataka mafunzo ya msingi ya VETA, ambayo kwa Mwanza watu huyafuata chuo cha VETA kule Nyakato, au ya chuo kinachotambuliwa na Serikali. Kama ulisoma kwingine, waombe wakuoneshe usajili wao kabla hujaegemea cheti chao. Na kama hujasoma kabisa, usisubiri tangazo litoke ndipo uulize nafasi za masomo, kwa sababu matangazo mengi hukaa wazi kwa takribani wiki mbili tu na kozi haiwezi kuisha ndani ya muda huo.

Cheti cha kidato cha nne kinaonekana chepesi, lakini kinawakwamisha wengi. Hati ya matokeo, ile karatasi ya muda uliyopewa kabla ya cheti, haikubaliwi, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanalisema hilo bila kuficha. Wapo waliomaliza shule miaka mingi na cheti chao bado kimelala kwa mkuu wa shule, kwa sababu hawakurudi kukichukua. Kama shule yako iko kisiwani na wewe sasa uko mjini, hesabu safari ya meli kwenda na kurudi, na upige simu shuleni kwanza kuhakikisha mwenye ufunguo wa kabati yupo.

Ukishapata vyeti vyote, vitandaze mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na leseni, usome jina herufi kwa herufi. Huku kwetu Usukumani jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu anaitwa Ng'wandu kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni mwalimu akaandika Ngwandu, NIDA ikatoka Mwandu. Mwingine jina la babu liko kwenye cheti kimoja na halipo kwenye kingine, au la baba limeandikwa kwa herufi moja ya kwanza. Wewe unajua ni mtu mmoja, lakini kwenye nyaraka hao ni watu watatu. Tofauti ya jina inahitaji hati ya kubadili majina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mahakamani pekee, ambacho watu hukikimbilia kwa sababu kinapatikana siku hiyo hiyo, kinaweza kukataliwa siku ya usaili. Kama kosa liko kwenye taarifa za NIDA, fuatilia marekebisho ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Hilo nalo lina siku zake, na ndiyo sababu nasisitiza lifanyike kabla tangazo halijatoka. Linganisha na tarehe ya kuzaliwa pia, kwa kuwa umri usiozidi miaka 45 ni sharti la kawaida kwa asiye mtumishi wa umma, na tarehe mbili tofauti zinazua swali hata kama zote mbili ziko ndani ya kikomo.

Cheti cha kuzaliwa huombwa kikiwa kimethibitishwa na mwanasheria au wakili. Mhuri unagongwa kwenye nakala, si kwenye cheti halisi. Sioni haja ya kulipia mhuri kwenye kila karatasi kama tangazo halikuagiza, ila lisome vizuri, maana kila tangazo lina maelekezo yake.

Barua ya maombi ndiyo mahali pa kosa la haraka kuliko yote. Zamani wengi walizoea kuielekeza kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira, Dodoma, na matangazo mengi bado yanataka hivyo. Lakini nafasi za halmashauri mara nyingi huelekeza barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika, ingawa maombi yenyewe yanatumwa kupitia portal.ajira.go.tz. Anayeomba Magu leo na Sengerema kesho kwa barua ile ile hujikuta amemwandikia mkurugenzi wa Magu akiomba kazi ya Sengerema. Taja nafasi kama tangazo lilivyoitaja, yaani Dereva Daraja la II, wala usiandike "udereva" tu. Kisha ichapishe, isaini kwa kalamu, ndipo uiskani. Barua iliyochapwa kwenye kompyuta na kupakiwa bila sahihi ni barua pungufu.

Wasifu uwe na anwani na simu zinazofanya kazi, na wadhamini watatu wanaojua kwamba umewataja.

Nyaraka ziskaniwe, kila moja kwenye faili lake la PDF lenye jina linaloeleweka, na ziwe ndani ya ukubwa unaooneshwa na mfumo. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole juu ya namba ya mtihani haimsaidii anayeisoma. Ukimaliza kupakia, fungua kila faili ndani ya mfumo uhakikishe cheti cha VETA hakijakaa kwenye nafasi ya leseni. Ukitumia kompyuta ya steshenari, ondoka kwenye akaunti, ufute faili zako, na nywila iwe kichwani mwako, isibaki kwa kijana wa dukani. Akaunti hiyo utaihitaji tena, kwa kuwa hali ya maombi na namba ya mtihani wa usaili huonekana humo humo. Na hakuna ada ya kuomba. Anayekupigia simu akidai pesa akuingize kwenye orodha ni tapeli.

Mahali unapoishi pajaze panapolingana na ukweli wa sasa, kwa sababu usaili unapofanyika mikoani unaweza kupangiwa kituo kwa kufuata anwani hiyo, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kwa madereva, baada ya usaili wa mchujo hufuata wa vitendo, kwenye gari. Siku hizo zote vinatakiwa vyeti halisi na kitambulisho. Tazama basi leseni yako inaisha lini. Kati ya kutuma maombi na kuitwa inaweza kupita miezi kadhaa, na ikionekana itaisha katikati, nenda TRA uihuishe mapema, ukiwa tayari umetoa nakala ya ile ya zamani.