Somo: Daftari la kila siku la kupunguza sigara (andika kabla hujawasha)

Wakuu, daftari la kuhesabu umevuta ngapi kila mtu anaweza kuwa nalo na halisaidii sana. Hili tunataka likamate hamu ilikuja saa ngapi, nini kiliichokoza, na ulifanya nini badala ya kuwasha.

Hatua ya 1: Siku tatu usipunguze kitu
Vuta kama kawaida, ila kabla hujawasha andika mstari mmoja: saa, hamu kuanzia 0 mpaka 10, uko na nani, na nini kimetokea muda mfupi kabla. Usingoje jioni, maana jioni unakumbuka zile za hasira tu, zile ulizowasha bila hata kujijua zinapotea na ndo hizo rahisi kuziondoa. Daftari likae mfuko mmoja na kiberiti.

Hatua ya 2: Chagua moja ya kuondoa
Chukulia jamaa wa ofisini, daftari lake linasoma hivi:

saa 12:40 asubuhi, hamu 9, nimeamka sasa hivi
saa 4:30 asubuhi, hamu 4, nimekata simu ya bosi
saa 7:15 mchana, hamu 6, nimeshakula, niko nje na wenzangu
saa 11 jioni, hamu 2, nasubiri gari

Wengi wanakimbilia ile ya asubuhi kwa sababu ndo inayowaudhi. Hapana. Nikotini inapungua nusu mwilini kila baada ya kama saa 2, kwahiyo ukilala usiku kucha unaamka mwili unadai kwelikweli, na anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke kwa kawaida ana utegemezi mkubwa. Hiyo iache mwishoni. Anza na ya saa 11 yenye hamu 2, pale hakuna arosto, ni mikono tu haina kazi.

Hatua ya 3: Mbadala ufanye kazi ileile
Hapa ndo watu wanakwama, wanaambiwa tafuna bigijii basi wanatafuna bigijii kwa kila kitu. Ile ya saa 4:30 jamaa alikuwa anatafuta ruhusa ya kutoka mezani, bigijii haimtoi mezani. Kwahiyo anaandika jana yake usiku: "Nikikata simu ya bosi, nashuka chini kujaza chupa ya maji, narudi." Baada ya dakika 10 anaandika hamu tena. Hamu moja mara nyingi inapanda na kushuka yenyewe ndani ya dakika chache, kazi ya mbadala ni kukuvusha hapo. Ikitoka 4 ikafika 1, baki nao. Ikigoma kushuka mara tatu, ujue mbadala haufai, tafuta mwingine.

Hatua ya 4: Jioni dakika tano
Jiulize: ipi imenishinda, nini kiliitangulia, kesho nikifika pale nafanya nini? Jibu moja tu linatosha. Ongeza na alama ya "nimevuta mpaka kwenye kichungi", maana ukipunguza idadi mwili unafidia, unavuta ndani zaidi na unashikilia moshi, unajikuta sigara zimepungua ila nikotini iko palepale. Ukiona alama hizo zinaongezeka, ongea na mhudumu wa afya kuhusu bandeji au bigijii za nikotini, hizo ni dawa, sio zile bigijii za kawaida.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi nikiandika ndo hamu inazidi, nikikaa kimya inapita.*
Siku za mwanzo hutokea. Fupisha mstari uwe saa, namba na neno moja, mfano "4:30, 4, bosi", halafu nenda kwenye mbadala hapohapo usikae unaitazama karatasi. Ikiendelea hivyo, andika baada ya hamu kupita.

*Dada yangu aliacha kabisa juzi, leo hamu imepanda kuliko jana, anasema daftari ni uongo.*
Mwambie dada daftari linasema kweli. Ukiacha kwa mpigo, siku 2 au 3 za mwanzo ndo kali zaidi, halafu inalegea ndani ya wiki 2 mpaka 4. Aandike tu, na aangalie namba za wiki nzima, asilinganishe leo na jana.

*Naweza kutumia hilihili kwa pombe? Mzee wangu anakunywa tangu asubuhi.*
Mistari ni ileile, ila kwa mzee usianze na daftari. Anayekunywa kila siku kuanzia asubuhi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Mpeleke kwa daktari kwanza mpangiwe namna ya kushusha. Na akiwa amekaa bila kunywa ukaona mikono inatetemeka, jasho linamtoka au anaona vitu ambavyo havipo, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, msingoje kesho.