Pawabenki ya 10,000 mAh inajaza simu mara ngapi hasa?

Wengi huchukua 10,000 za pawabenki, wakagawa kwa 5,000 za betri ya simu, wakategemea kujaza mara mbili. Hesabu hiyo haikubali, kwa sababu mAh peke yake haisemi kuna umeme kiasi gani mpaka ujue volti. Kipimo cha kulinganishia ni wati-saa (Wh).

Hatua ya 1: Tafuta Wh za pawabenki. Namba kubwa iliyoandikwa juu hupimwa kwa volti ya seli za ndani, kwa kawaida 3.7V, wala si 5V inayotoka kwenye tundu la USB. Geuza upande wenye maandishi madogo. Mara nyingi Wh zipo. Zisipokuwepo, gawa mAh kwa 1,000 upate Ah, kisha zidisha mwenyewe kwa volti.

Hatua ya 2: Fanya vivyo hivyo kwa simu. Betri nyingi za simu ni za 3.85V hivi.

Hatua ya 3: Toa kinachopotea. Saketi ya pawabenki hupandisha 3.7V hadi 5V, kisha simu huishusha tena ili ilingane na betri yake. Kila mara kiasi fulani kinageuka joto. Ndilo unalolisikia ukishika vyote viwili vikiwa kazini. Mimi hukadiria kuwa asilimia 85 inatoka kwenye pawabenki, na katika hiyo asilimia 90 inaingia kwenye betri.

```
10 Ah × 3.7 V = 37 Wh
5 Ah × 3.85 V = 19.25 Wh
37 × 0.85 × 0.9 = 28.3 Wh
28.3 ÷ 19.25 = 1.47
```

Yaani mara moja na karibu nusu, simu ikiwa imezimwa au imetulia. Ukiitumia huku inachaji, au ukichaji bila waya, utapata pungufu.

Hatua ya 4: Soma namba ndogo. Pawabenki nyingi hutaja pia uwezo wa kutoa, mfano 6,000 mAh kwa 5V. Hapa wengine huteleza upande wa pili: wanagawa 6,000 kwa 5,000, wanapata 1.2, wanaona wameibiwa. Hizo 6,000 ni za 5V, kwa hiyo ni 30 Wh. Ondoa hasara ya ndani ya simu, zinabaki 27, ambazo ni mara 1.4. Namba hii naiamini kuliko ile kubwa.

Hatua ya 5: Pima. Chomeka kipimo cha USB kati ya pawabenki na waya, chaji mpaka pawabenki ijizime. Soma Wh, usisome mAh: chaji ya haraka ikipandisha volti hadi 9V, mAh zitaonekana chache ingawa umeme uliotoka ni uleule. Pawabenki ya 37 Wh ikitoa 30 au zaidi, iko sawa. Ikiwa mpya na inaishia 18, seli zake hazina ujazo ulioandikwa, irudishe.