SOMO: Laini ya Supertrend inatoka wapi, na kwa nini inageuka pale inapogeuka

Wengi humu tunaiona ile laini ya kijani na nyekundu tunabofya bai au seli, ukimuuliza mtu imetokaje anakwambia "indiketa ndo imesema". Leo tuifungue. Chukua kalkuleta kabisa.

Kwanza TR, yaani mwendo halisi wa mshumaa mmoja. Unapima vitu vitatu: juu kutoa chini, juu kutoa klozi ya mshumaa uliopita, chini kutoa klozi hiyohiyo (hizo mbili za mwisho usijali alama ya kutoa), unachukua kubwa kuliko zote. Klozi ya jana inaingia ili gepu nalo lihesabiwe. ATR ni wastani wa hizo TR, na Wilder aliyeileta mwaka 1978 hakutumia wastani wa kawaida, yeye ATR ya zamani anaizidisha mara 9, anajumlisha TR mpya, anagawa kwa 10 (kama umeweka 10).

Halafu unatafuta katikati ya mshumaa, juu jumlisha chini gawa kwa 2. Ongeza ATR mara 3 unapata bendi ya juu, toa ATR mara 3 unapata ya chini. Hiyo 10 na 3 ndo unayoikuta kwenye seting, ATR Length na Factor.

Sasa hapa ndo penye utamu. Bendi ya chini hairuhusiwi kushuka. Ikihesabiwa ikatoka chini ya ile ya mwanzo, inabaki palepale, inapanda tu, labda mshumaa uliopita uwe umefunga chini yake ndo inaanza upya. Ya juu ni kinyume chake. Kwa Pine iko hivi:

```
lowerBand := lowerBand > prevLowerBand or close[1] < prevLowerBand ? lowerBand : prevLowerBand
```

Tuchukue dhahabu, namba nimezitunga ziwe rahisi. Tuko kijani, laini iko 2315, ATR 9, mshumaa uliopita umefunga 2348. Inatoka habari, mshumaa unagusa 2349 juu, unaanguka mpaka 2309, unafunga 2317. TR ni 40, kwa hiyo ATR inakuwa (9×9+40)/10 = 12.1. Katikati ni 2329, ukitoa 36.3 unapata 2292.7, iko chini ya 2315 kwa hiyo laini haisogei. Na ona, bei imeshuka hadi 2309 lakini rangi haijabadilika, kwa sababu kinachoangaliwa ni klozi, utambi hauhesabiki.

Mshumaa unaofuata: juu 2319, chini 2307, unafunga 2311. TR 12, ATR inabaki kama 12.1. Klozi iko chini ya 2315, hapo ndo imegeuka. Laini inaacha chini inaruka kwenye bendi ya juu, 2313 + 36.3 = 2349.3 (bendi ya juu ilikuwa inahesabiwa kimyakimya muda wote, haionekani tu, na mimi nachukulia ya nyuma ilikuwa juu zaidi ya hapo). Sasa piga hesabu, unaseli 2311 stop losi iko 2349.3, dola 38 na ushee. Mimi nilishawahi kuweka loti ileile ya siku zote baada ya mgeuko wa habari, nikaunguza nusu ya akaunti kwa stop moja tu, tangu siku hiyo loti naipima kwa umbali wa laini kwanza.

MASWALI

Mkuu, mimi ilinipa seli nikaingia, baada ya dakika kumi rangi ikarudi kijani na alama ikafutika kabisa, broka anachezea chati?

Hapana ndugu, uliingia mshumaa haujafunga. Bei ya sasa hivi inahesabiwa kama klozi ya muda, ikirudi juu ya laini mgeuko unayeyuka. Weka alati kwenye "Once Per Bar Close".

Kwangu MT4 laini haifanani na ya TradingView, pea ile ile, seting ile ile.

Angalia ATR. Ya MT4 inapiga wastani wa kawaida, TradingView wanatumia ya Wilder. Baada ya mshumaa mkubwa, ya kawaida inaubeba mishumaa 10 halafu inaudondosha ghafla, ya Wilder inausahau taratibu. Na broka wakifunga siku saa tofauti, hata mishumaa yenyewe haifanani.

Kaka nimeandika kodi ya roboti, inabai kwenye trendi ya kushuka 😭

Hahaha hiyo imetuumiza wengi. Kwenye ta.supertrend ya Pine, -1 ndo kupanda, 1 ndo kushuka. Geuza sharti lako.

Na soko likiwa halina mwelekeo? Inanigeukia mara nne kwa siku.

Hapo haina dawa. Ukipandisha Factor iwe 4 migeuko inapungua ila laini inakaa mbali zaidi, stop inakuwa ndefu na unachelewa kutoka. Mimi soko likilala naizima tu.