Somo: Shule na mapato, lini uandike "huongeza" na lini "huambatana na"

Wiki hii pekee nimeletewa rasimu nne za tasnifu, kutoka Kisumu na Nakuru, zote zikiwa na sentensi ile ile: "Kila mwaka wa shule huongeza mapato kwa asilimia 10." Nimechoka kulijibu hili kwa mmoja mmoja. Soma hapa kwanza, kisha uulize.

Hatua ya 1. Geuza mapato kuwa log, ili matajiri wachache wasivute wastani.

Hatua ya 2. Endesha modeli yenye miaka ya shule, umri na mraba wa umri tu. Tuseme kigawo cha shule kimetoka 0.10 (namba zangu zote hapa ni za mfano). Hapo umelinganisha watu tofauti. Hujajua mtu yule yule angepata nini kama angesoma zaidi.

Hatua ya 3. Ongeza mambo yaliyotangulia shule. Wachukue akina mama wawili wanaouza mitumba soko la Kibuye. Mmoja ana kidato cha nne, mwenzake aliishia darasa la sita. Yule wa kwanza mama yake alikuwa mwalimu: ndiye aliyelipa karo, na ndiye aliyempa pesa za kununua belo la kwanza. Mama huyo ameinua shule na mapato kwa pamoja. Kwa hiyo:

```
lm(log(mapato) ~ miaka_shule + umri + I(umri^2) + elimu_mama, data = d)
```

Kigawo kikishuka hadi 0.07, basi sehemu ya ile 0.10 ilitoka nyumbani.

Hatua ya 4. Usiongeze kilichofuata shule. Hapa ndipo nilipoharibu tasnifu yangu. Niliongeza aina ya kazi (ajira ya ofisini, jua kali, ukulima) nikidhani kadiri vigeu vinavyozidi ndivyo modeli inavyokuwa safi. Kigawo kikashuka karibu na sifuri, nami nikaandika kwamba shule haina faida. Mtahini aliniuliza jambo moja tu: "Huyu karani, hiyo kazi aliipataje?" Aliipata kwa cheti. Nilikuwa nimeziba njia yenyewe ambayo shule hupitia hadi kufika mfukoni.

Kuna na madhara ya pili, yaliyojificha zaidi. Ukilinganisha makarani kwa makarani, yule wa darasa la sita aliyefika pale bila cheti huenda ana kipaji au jamaa wa kumshika mkono ambavyo wenzake hawana. Basi hata ulinganisho ulioudhani wa haki umepinda.

Kipimo ni kimoja: jambo hili lilikuwapo kabla mtoto hajaingia darasa la kwanza? Elimu ya mama, ndiyo. Kazi ya sasa, mji aliohamia, elimu ya mume au mke, ukubwa wa biashara: yaache nje.

Hatua ya 5. Andika: "Kila mwaka wa shule uliambatana na mapato ya juu kwa takriban asilimia 7, miongoni mwa watu wa umri mmoja ambao mama zao wana elimu sawa." Kisha taja kilichobaki nje, kama vile kipaji na afya ya utotoni, na useme kinaelekea kukuza kigawo.

MASWALI

Kijana wa Bondeni: P yangu ni 0.001. Si hiyo tayari ni sababu?

Mwandishi: Hapana. P inahusu bahati ya sampuli. Mama mwalimu haondolewi na p ndogo. Rudi hatua ya 3.

Kijana wa Bondeni: Lakini msimamizi wangu anataka neno "athari".

Mwandishi: Mpe data inayolibeba neno hilo. Hii haiwezi.

Nyar Kondele: Mwalimu, ni data gani basi ingelibeba?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Tafuta mahali ambapo shule iligawanywa na kitu kisichohusiana na nyumbani. Owen Ozier, katika makala iliyochapishwa 2018, alitumia alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya uliofanywa mara ya mwisho 2023. Karibu na alama ya kukata, nafasi ya kuingia sekondari iliruka ghafla, ilhali mtoto aliyepita kidogo na aliyekosa kidogo walifanana karibu kwa kila kitu. Aliona sekondari iliwapunguza wanaume kwenye shughuli za kujiajiri zisizo na ujuzi. Kikomo chake: jibu hilo ni la watoto wa karibu na mpaka huo, si la yule wa alama 400.

Mama Ahero: Wahojiwa wangu wanalima mpunga. Nikiuliza mapato ya mwezi wananitajia ya mavuno.

Mwandishi: Mama, uliza msimu mzima: magunia mangapi, bei ya gunia, kisha utoe mbolea, maji na vibarua. Mwezi utagawanya mwenyewe nyumbani.

Mama Ahero: Na waliopata hasara? Log inawakataa.

Mwandishi: Usiwafute kimyakimya. Waripoti idadi yao na miaka yao ya shule, kisha endesha tena kwa shilingi bila log uone kama picha inabadilika.